Hamu haiji kwanza

*Nina miaka 38, naishi Chumbageni, Tanga. Kazi yangu ya ukarani iliisha mwaka jana. Tangu hapo moyo mzito: baiskeli naiangalia tu, barazani siendi, asubuhi nalala na simu mpaka saa nne. Hospitali wamenipima damu wakaona iko sawa, wakasema ni sonona ya wastani, nikapelekwa kwa mshauri. Yeye anasema nipange shughuli nizifanye hata kama sijisikii. Nikaandika ratiba: kuamka saa kumi na moja, kukimbia, kutuma maombi ya kazi, kusafisha uwanja, kutembelea ndugu. Siku ya pili nikashindwa, nikajiona ovyo zaidi. Nitafanyaje kitu nisicho na hamu nacho? Huko si kujidanganya?*

Kaka, mshauri wako amekuelekeza vizuri, ila ratiba uliyoiandika ingemshinda hata mtu ambaye haumwi. Nianze na hilo la hamu kwa sababu ndilo linalokukwaza, kisha tuirudie ratiba.

Mtu akiwa mzima, hamu humtangulia. Anakumbuka mbaazi za jirani, anavaa kandambili, anakwenda kuzinunua. Kwenye sonona mpangilio huo hugeuka. Hamu inachelewa: inakuja jambo likiwa katikati, au limekwisha, na siku nyingine inakuja ndogo kiasi kwamba usipoitafuta huioni. Mgonjwa aliyetoka kwenye malaria hatumngojei atamani chakula ndipo tumpikie uji. Tunampa vijiko vitatu, kesho vitano, na hamu ya kula inarudi tumbo likishaanza kazi. Nawe ukingoja ujisikie ndipo uitoe baiskeli, unakingoja kitu ambacho kinatokana na kuitoa baiskeli.

Sababu yake si uvivu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliieleza vizuri kwenye miaka ya 1970: moyo wa mtu huinama pale maisha yanapoacha kumrudishia chochote kwa yale anayoyafanya. Fikiria siku kazi yako ilipoisha. Hukupoteza mshahara peke yake. Ulipoteza sababu ya kuoga asubuhi, watu wa kutaniana nao saa ya chai, makaratasi uliyoyamaliza ukayaona mezani, na ule uchovu wa jioni unaoleta usingizi. Vyote vilikatika kwa mpigo mmoja, na hakuna kilichoingia mahali pake.

Halafu likaja jambo la pili, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloishikilia sonona isiondoke: kukwepa. Huendi barazani kwa sababu kuna mtu atakuuliza, "Vipi, umepata kazi?" Ukibaki ndani, swali halikufikii, na kifua kinalegea papo hapo. Ule unafuu ni wa kweli, na ubaya wake uko hapo hapo, maana mwili unajifunza kwamba kubaki ndani kunasaidia. Kesho unabaki tena. Baada ya miezi michache umejikinga na maswali yote, pamoja na bao, kahawa, vicheko na habari za mji. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Charles Ferster, aliandika mwaka 1973 kwamba mtu mwenye sonona hutumia nguvu nyingi kukimbia mambo na kubaki na chache za kuyaendea. Ukimtazama kwa nje utadhani hafanyi kitu. Kumbe anafanya kazi kutwa, kazi ya kukwepa.

Sasa, kujidanganya. Ungekuwa unajidanganya kama tungekutaka ujifanye una furaha. Hatukutaki hivyo. Unaweza kujaza upepo baiskeli ukiwa umenuna mwanzo hadi mwisho, na zoezi likahesabika limefanyika. Tiba hii ya kupanga shughuli, aliyokuelekeza mshauri wako, haikuombi hata uyabadilishe mawazo yako kwanza. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha utafiti ambamo waliitenganisha tiba ya mawazo na tabia vipande vipande, wakawapa baadhi ya wagonjwa kipande cha vitendo peke yake, bila somo la kubishana na mawazo. Wagonjwa hao walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima. Na mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Goa, India, ambako watu wa kawaida wasio wataalamu wa afya ya akili walifundishwa kuitoa tiba hii kwenye vituo vya afya, vikao 6 hadi 8 kwa mgonjwa. Wagonjwa walikuwa na sonona nzito, si unyonge wa siku mbili, na walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Nautaja huo wa Goa kwa makusudi, kwa sababu mikoa yetu haina wanasaikolojia wengi, na mshauri aliyefundishwa hatua hizi kwa uangalifu anakutosha kuanza.

Turudi kwenye ratiba yako. Ilikuwa na makosa matatu. Mambo yote yalikuwa makubwa. Yote yalikuwa wajibu, hakuna hata moja ambalo zamani lilikufurahisha. Na yalifungwa pamoja, kwamba likianguka moja siku nzima imeharibika. Ulipochelewa kuamka saa kumi na moja, kila kilichofuata kilikuwa kimeshashindikana kabla hujakigusa. Hiyo ni ratiba ya mtu anayejiadhibu.

Hatua ya kwanza, kabla ya kupanga chochote, ni wiki moja ya kuandika tu. Nunua daftari la shule, la kurasa chache. Kila baada ya saa mbili hivi andika ulikuwa unafanya nini, uko wapi, na moyo wako ni ngapi kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni hali mbaya kabisa uliyowahi kuijua. Usibadilishe kitu wiki hiyo. Andika hapo hapo au muda mfupi baadaye, usingoje usiku, kwa sababu usiku mtu mwenye sonona atakwambia kutwa nzima ilikuwa mbaya na atakuwa anaamini anachosema.

Nikuonyeshe ukurasa. Mtu huyu nimemuunganisha kutoka kwa watu kadhaa, kwa hiyo usimtafute mtaani. Mwite dereva wa zamani wa lori, anaishi Makorora.

Jumanne
Saa 2 hadi 4 asubuhi: kitandani, simu. Moyo 2.
Saa 4: chai, nimekaa ndani. Moyo 2.
Saa 5: mtoto wa jirani kaleta baiskeli imetoka mnyororo, nimemrudishia. Moyo 5.
Saa 6 hadi 9: kitandani, simu, mawazo. Moyo 1.
Saa 10: nimesali nyumbani. Moyo 3.
Saa 12: dukani, nimepita njia ya nyuma. Moyo 3, kurudi 2.

Ukimuuliza Jumanne ilikuwaje, atajibu, "Mbaya, kama siku zote." Lakini tazama saa 5. Dakika kumi za mnyororo zimempandisha kutoka 2 hadi 5, bila mtu kumtia moyo wala yeye kuwa na hamu; mtoto alimshtukiza tu mlangoni, hakupata nafasi ya kujiuliza kama anajisikia. Tazama pia kitandani: alijilaza saa 6 apumzike, saa 9 akainuka na 1. Na "njia ya nyuma" ni kukwepa kulikojificha ndani ya shughuli. Alitoka kweli, lakini alitoka kwa namna ya kutokutana na mtu, na moyo ukarudi chini. Wiki moja ya kurasa kama hizi inamwambia mtu mambo ambayo mimi nisingeweza kumwambia. Wewe tafuta vitu viwili tu kwenye daftari lako: wapi namba ilipanda, hata kwa 1, na wapi ilishuka baada ya kitu ulichodhani kitakutuliza.

Wiki ya pili ndipo tunapanga, na tunapanga kidogo sana. Mambo matatu kwa wiki nzima yanatosha: moja lililokuwa raha yako zamani, moja la kumaliza kitu kikaonekana kimekwisha, na moja lenye mtu mwingine ndani yake. Kwako raha ni rahisi kuijua, kwa sababu umeitaja mwenyewe bila kuulizwa. Ni baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hilo umepata bahati.

Sasa igawe baiskeli. "Kuendesha mpaka Raskazone" kwa mtu aliyekaa ndani karibu mwaka ni jambo kubwa, hata kama kwa miguu ni karibu. Andika hivi: Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, natoa baiskeli nje ya mlango najaza upepo magurudumu yote mawili. Basi. Ukimaliza unaruhusiwa kuirudisha ndani. Jumatano, saa ile ile, naifuta vumbi na kupaka mnyororo mafuta. Ijumaa naiendesha mpaka barabara kubwa na kurudi. Raskazone tutaifikia wiki ya tatu au ya nne.

Utaona kila moja lina siku, saa na mahali. Hiyo ndiyo roho ya tiba yenyewe. "Wiki hii nitashughulikia baiskeli" ni sentensi inayouachia moyo uamue, na moyo wako kwa sasa si mwamuzi mzuri. "Saa mbili na nusu" haimuulizi mtu anajisikiaje. Saa ikikusumbua, funga jambo kwenye kitu ambacho tayari hukiachi. Kama unasali, adhana ni saa isiyohitaji betri: baada ya sala ya alasiri, kabla sijakaa, najaza upepo.

Kipimo cha ukubwa ni hiki: je, siku ambayo moyo ni 2 ningeweza kulifanya? Kama jibu ni "labda", likate nusu. Ukiona haya kwa udogo wake, umekaribia ukubwa unaofaa. Wanaume wengi hunikatalia hapo. Wanaona kujaza upepo ni jambo la kitoto, wanajipa kilomita kumi, na Alhamisi wako kitandani.

Kabla ya kuanza, andika unatarajia raha ngapi kati ya 0 na 10. Ukimaliza andika namba mbili: raha, na "nimeweza", yaani umejiona umetimiza kiasi gani. Ninataka mbili kwa sababu kuna mambo ambayo raha yake ni 1 lakini "nimeweza" ni 6, kama kufua shuka zilizokaa wiki tatu. Ukipima raha peke yake utayaacha hayo, na ndiyo mara nyingi yanayoanza kumnyanyua mtu. Yale matarajio nayo yana kazi yake: sonona humfanya mtu atabiri chini. Utaandika 1, upate 3. Ukishaona hivyo mara kadhaa kwa mwandiko wako mwenyewe, sauti inayosema "haitasaidia" inaanza kukosa uzito.

Asubuhi yako ya simu tusiishambulie kwa kuamka saa kumi na moja. Chaja ihamie sebuleni usiku, basi. Ukitaka simu utainuka uifuate, na ukiifuata miguu tayari iko chini. Maombi ya kazi nayo yape mipaka: siku mbili kwa wiki, saa nne hadi saa tano, mezani, barua moja. Ikifika saa tano funga hata kama hujamaliza. Mtu asiye na kazi akijiambia atatafuta kutwa, kutwa nzima inakuwa ya hatia na barua haitoki hata moja.

Barazani usianze na jioni nzima. Nenda bao likiwa limeshaanza, wakati macho yote yako kwenye kete, kaa dakika kumi na tano, uage. Jibu la lile swali liandae nyumbani, ulitamke kwa sauti mara mbili tatu: "Bado natafuta. Haya, Coastal wamefanya nini jana?" Kwa Tanga hiyo inatosha, mazungumzo yatahamia kwenye mpira wa uwanja wa Mkwakwani yenyewe.

Yako mambo mawili yatakayokukwamisha, na ni vizuri uyatambue yakitokea. La kwanza ni kuwa mwili uko kwenye shughuli na akili iko kwingine. Unapaka mnyororo mafuta, huku kichwani unarudia siku uliyopewa barua ya kuachishwa. Shughuli imefanyika, namba haikupanda, unasema njia haifanyi kazi. Dalili yake ni kwamba ukiulizwa dakika tano baadaye hukumbuki ulichokuwa unafanya. Hapo jipe dakika mbili za kujiuliza: mawazo haya yametatua kitu? Yamenielewesha jambo ambalo sikulijua? Kama majibu ni hapana, ni mzunguko tu. Rudisha macho na vidole kwenye kazi. Hesabu meno ya gia, sikiliza mnyororo unapokauka na unapolainika. Mawazo yakirudi, nawe unarudi tena kwenye mnyororo, hata mara ishirini.

La pili ni siku uliyoikosa. Itakuwepo. Usiifidie kesho kwa kufanya mawili. Uliza kwa upole wa fundi anayekagua mashine: nini kilizuia? Tuseme Jumatatu hukujaza upepo. Ukichunguza unakuta pampu iko kwa jirani, na kumgongea jirani saa mbili na nusu asubuhi ndilo jambo lililokushinda. Kwa hiyo tatizo halikuwa baiskeli wala nia yako. Mpango wa wiki ijayo unabadilika: Jumapili jioni mtoto anatumwa kuleta pampu, inalala mlangoni. Karibu kila "nimeshindwa" ikifunguliwa hivi ina pampu ndani yake.

Neno kwa mkeo kama unaye, au dada, yeyote anayekuona kila siku: akukumbushe mara moja, saa ile iliyoandikwa, kisha anyamaze. Kukumbushwa mara tano ni kusukumwa, na mtu anayesukumwa hujifunza kumkwepa anayemsukuma.

Usitarajie moyo ubadilike wiki ya kwanza. Kinachobadilika kwanza ni daftari: shughuli zinaongezeka, saa za kitandani zinapungua kidogo. Usingizi na chakula mara nyingi hufuata. Moyo huja nyuma yao, na huja kwa kupanda na kushuka. Kama wiki nne zimepita, umefanya mengi ya uliyoyapanga, na namba ziko pale pale, hapo si kosa lako wala si wakati wa kujiongezea mazoezi. Rudi hospitali mjadili dawa, au tiba nyingine pamoja na hii. Kama tayari umeandikiwa dawa usiache kwa sababu umeanza baiskeli. Vinafanya kazi pamoja bila shida.

Yapo mambo ambayo daftari halitoshi tangu mwanzo. Ukianza kufikiri kufa au kujidhuru, ukishindwa kula au kunywa, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, nenda siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ukiwa na mtu, usiende peke yako. Na kama umewahi kuwa na siku kadhaa za nguvu nyingi kupita kiasi, hulali na huchoki, unatumia fedha ovyo na kuongea bila kupumua, mwambie daktari hata kama hajakuuliza, kwa kuwa sonona ya namna hiyo hutibiwa kwa njia nyingine.

Na tiba hii haileti ajira, nisikufiche. Inachofanya ni kukurudishia nguvu za kuitafuta, na kukutoa mahali ambapo habari za kazi hazikufikii. Kazi nyingi Tanga zinatangazwa kwa mdomo kabla hazijabandikwa ukutani, na mdomo huo uko barazani.

Kikao kijacho mpelekee mshauri kurasa tatu: ile ya wiki ya kuandika tu ambayo namba yake ilikuwa chini kuliko zote, ile ambayo namba ilipanda mahali usipotarajia, na ile ya siku uliyoikosa, ukiwa umeandika pembeni nini kilizuia. Kwa hizo tatu mnaweza kupanga wiki inayofuata ndani ya nusu saa.